Ofa ya kolasio: andikia mzazi na finaliste mbali mbali

Kwa wapiga picha wa hapa Bukavu msimu huu wa kolasio: ile tangazo moja ya «paketi kamili, bei nzuri» uigawanye mara mbili, kipande cha familia na kipande cha finaliste, kila moja na bei yake na siku ya kupata picha. Sababu ni kwamba mwenye kulipa si yule yule mwenye kuchagua. Mama anataka picha moja kubwa ya familia, imetoka kwa karatasi, iko ndani ya kadre, ya kutundika salon. Mtoto yeye anataka faili kwa simu magaribi ile ile, aweke statusi watu wakiwa bado wanampongeza. Ukiandika vyote pamoja, mtoto anatuma tangazo kwa mzazi, mzazi anaona «faili 40» anasema bei iko juu, inaishia pale.

Faili ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokima, ukizituma kama picha tu inazipunguza ubora na kesho mtu anataka kuchapisha kubwa inatoka na ukungu, lawama kwako.

Hii haisaidie kama yaya mkubwa au mjomba mmoja njo analipa vyote, huyo mpe jumla tu. Na kama familia imetoka mbali na inarudi kesho asubuhi, usiahidi kadre ya wiki ijayo, chukua avansi na uchapishe siku ile ile ao uache kabisa hicho kipande.