LinkedIn: kati ya waliochungulia wasifu wako, nani aandikiwe kwanza?

Kazi yangu ni kutengeneza vyumba vya baridi vya hoteli na viwanda vya samaki huku pwani, na wateja wapya nawatafuta sana LinkedIn. Hivi ndivyo ninavyoamua meseji ya kwanza iende kwa nani.

Hatua ya 1: Hakikisha unawaona wageni

Ingia Settings, kisha Visibility, kisha Profile viewing options. Ukiwa na akaunti ya bure na umechagua Private mode, hutaona majina ya waliokutembelea. Ukijificha, nao wanafichwa. Chagua jina lako lionekane pamoja na cheo.

Akaunti ya bure huonyesha wageni wachache wa karibuni tu, kwa hiyo pita pale kila asubuhi na uandike kwenye daftari au Excel: jina, cheo, kampuni, tarehe, na jambo ulilofanya wewe kabla hajaja. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo yenye kazi kubwa.

Hatua ya 2: Jiulize kilichomleta

Kama jana ulifungua wasifu wake au ulimtumia ombi la kuunganishwa, amekuja kuona huyu ni nani. Usimhesabu. Aliyekuja siku moja au mbili baada ya posti yako ana uzito zaidi, na aliyekuja wakati hujaandika chochote mtazame vizuri: huenda ametajiwa jina lako na mtu, au analinganisha mafundi.

Kisha ondoa wasiohusika. Wauza bima, wanaotafuta kazi na mafundi wenzako watakuwa wengi kwenye orodha, nawe huna la kuwauzia.

Hatua ya 3: Panga kwa kampuni, si kwa mtu

Tuseme Jumatatu umeandika posti kuhusu barafu inayojazana kwenye evapareta ya chumba cha baridi. Kufikia Jumatano una watu wanne. Fundi rafiki yako amelaiki, lakini huyo hulaiki kila kitu. Mhandisi wa kiwanda cha samaki ameuliza kwenye komenti: "Na barafu ikirudi siku ya pili baada ya kuyeyusha?" Meneja manunuzi wa hoteli moja ya Diani, usiyemjua, amefungua wasifu wako bila kulaiki wala kusema neno. Na fundi mkuu wa hoteli hiyo hiyo, ambaye mmeunganishwa tangu zamani, amelaiki.

Wengi watamkimbilia mhandisi kwa sababu ndiye aliyesema. Anastahili jibu, lakini mjibu pale pale kwenye komenti, wazi, ili na wengine wasome: aangalie hita ya kuyeyushia, mpira wa mlango na feni. Swali la ufundi mara nyingi huishia kwenye ufundi. Akirudi na swali la pili linalohusu chumba chake mwenyewe, hapo mhamie inboksi.

Hoteli ndiyo ya kwanza. Laiki moja ni adabu, na kuchungulia mara moja kunaweza kuwa kidole kimeteleza. Lakini watu wawili wa kampuni moja, mmoja wa ufundi na mmoja wa fedha, ndani ya wiki moja, hiyo ni dalili kwamba huenda jambo linazungumzwa ofisini kwao.

Hatua ya 4: Andikia mlango ulio wazi

Usimwandikie meneja. Hakujui, na akaunti ya bure hukupa nafasi chache kwa mwezi za kuambatanisha ujumbe kwenye ombi la kuunganishwa. Mwandikie fundi mkuu, na usitaje kabisa kwamba umeona nani amepita kwenye wasifu wako. Mtu akiambiwa hivyo huhisi anafuatwafuatwa.

"Habari za siku nyingi, kaka. Nimeona ile posti ya barafu imekugusa. Vyumba vyenu vinaendeleaje na joto hili? Kama kuna kimoja kinachosumbua, naweza kupita nikakiangalia."

Akijibu "tunazungumza na manunuzi," umeshapata njia halali ya kumfikia meneja, na fundi huyo ndiye atakayekutambulisha.

Hatua ya 5: Wasio na jina

Wengine huonekana kwa cheo na kampuni au sekta tu, wengine kama LinkedIn Member. Wa mwisho waache. Wa kwanza, andika kampuni yake kwenye daftari bila kubahatisha jina. Akitokea mwenzake wa kampuni hiyo kwenye laiki au komenti, rudi hatua ya 3.

Usipojibiwa, subiri kama wiki moja kisha tuma meseji moja tu yenye kitu kipya ndani yake, mathalani picha ya kazi inayofanana na yao. Kimya kikiendelea, acha jina kwenye daftari mpaka kampuni hiyo ionekane tena.