Kamera ya ulinzi ikikusumbua kwa arifa usiku, usiizime

Kama simu inalia usiku kucha na kila klipu ukiifungua ni tawi linayumba au buibui kwenye lenzi, shida ni mipangilio. Kamera nyingi za nyumbani hutambua mwendo kwa kulinganisha picha moja na inayofuata, kwa hiyo chochote kinachobadilika ni "mwendo". Usiku ndiyo balaa: taa za infraredi za kamera humulika wadudu wanaopita, na mdudu aliye karibu na lenzi huonekana mkubwa kama paka.

Anza na eneo, siyo wepesi wa kuhisi. Ndani ya app, chora eneo la kutambua mwendo liwe njia ya kuingilia tu, ukiacha nje mti na barabara. Halafu shusha wepesi ngazi moja, mwambie mtu apite usiku, utazame kama klipu imerekodiwa. Apite akikatiza mbele ya kamera, kisha aje akiielekea moja kwa moja. Akija hivi ndipo hukosekana, maana kwenye picha anasogea kidogo sana. Akikosekana, rudisha ngazi ile.

Ukiona klipu zinaanza mtu akiwa ameshapita, tafuta mpangilio wa kurekodi sekunde chache kabla ya tukio. Kamera za betri mara nyingi hazina, kwa sababu hulala hadi zishtuliwe.

Na buibui? Fagio. Hakuna mpangilio wa kumtoa.