Kabla hujatafsiri barua pepe inayobeba viambatisho

Fungua viambatisho vyote kwanza. Barua ikitaja vitatu na wewe ukaona viwili, mwambie aliyekupa kazi kabla hujaandika hata mstari.

Majina ya mafaili yaache yalivyo. Msomaji atatafuta `Draft_BL.pdf` kwenye simu yake, kwa hiyo liandike hivyo hivyo, kisha mweleze kwa Kiswahili ni kitu gani.

Sasa neno "thibitisha". Hili liogope. Chukua msambazaji wa Guangzhou anayemwandikia kwa Kiingereza mfanyabiashara wa Kariakoo, ameambatisha ankara ya awali, orodha ya vifurushi na rasimu ya hati ya shehena, ile ambayo wengi huiita BL. Mtafsiri anaandika: "Tafadhali pokea viambatisho kwa uthibitisho." Mfanyabiashara anajibu, "Nimethibitisha, asante," akimaanisha vimefika. Guangzhou wanaelewa kwamba rasimu haina kosa, na BL halisi inatolewa ikiwa na jina la mpokeaji mzigo lisilolingana na la kampuni yake. Kuanzia hapo marekebisho yanapitia kampuni ya meli, yana ada, na yakichelewa kontena linakaa bandarini huku gharama zikipanda. Kisarufi sentensi ile haina tatizo. Tatizo ni kwamba haisemi kinachothibitishwa ni kufika kwa faili au usahihi wa yaliyomo.

Kwa hiyo kila faili lipate mstari wake na kitenzi chake:

"`Draft_BL.pdf` ni rasimu ya hati ya shehena. Kagua jina la mpokeaji mzigo, maelezo ya bidhaa na uzito. Ukiona kosa tuandikie. Kama hakuna, jibu: Rasimu ni sahihi.

`Proforma.pdf` ni ankara ya awali. Tia saini na mhuri, uiskani, uturudishie.

`Packing_List.pdf` ni orodha ya vifurushi, ya kumpa wakala wako wa forodha. Hii haihitaji jibu."

Lakini usijitungie maagizo. Kama barua ya asili imevifunga vyote katika sentensi moja, muulize mwandishi kila kimoja anakitakia nini, ndipo uvitenganishe. Swali la dakika mbili, na wengi hulikwepa kwa aibu.

Muda wa mwisho nao una mtego. Saa 17:00 ya Guangzhou ni saa 6 mchana Dar es Salaam, kwa sababu China iko mbele kwa saa 5. Ukiandika "saa 11 jioni" tu, mteja atachelewa. Tarehe kama 05/06 ulizia ni Juni au Mei, kisha andika mwezi kwa jina.

Na ukiona akaunti ya benki kwenye ankara si ile ya ankara zilizopita, usitafsiri ukanyamaza. Mwambie mteja apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo.