Somo: Delfi ya umahiri wa afya ya akili kwa wauguzi wa zahanati – kuchagua jopo na kuweka kiwango cha makubaliano

Swali la utafiti ni hili: muuguzi wa zahanati au kituo cha afya anapaswa aweze kufanya nini anapokutana na mteja mwenye tatizo la afya ya akili? Hakuna kipimo cha maabara kitakachokujibu. Jibu limo vichwani mwa watu, na watu hao hawana hadhi sawa. Hapo ndipo Delfi inapoingia. Mbinu hii ilianzia taasisi ya RAND huko Marekani, na Dalkey na Helmer waliichapisha mwaka 1963. Wanajopo hutoa maoni yao kwa siri, raundi baada ya raundi, na kabla ya kila raundi mpya wanarudishiwa majibu ya kundi zima ili anayetaka kubadili alama yake aibadili. Siri hiyo ina uzito wa pekee huku kwetu. Mkalishe mganga mkuu wa wilaya meza moja na muuguzi aliye chini yake, utaondoka na maoni ya mganga mkuu mara mbili.

Nitatumia mfano wa utafiti wa mkoa mmoja wa Tanzania. Mfano na tarakimu zake nimevitunga ili hesabu zionekane.

Hatua ya 1: Matamko

Delfi ya asili huanza na swali la wazi. Kwa mada hii naona ni kuwachosha watu bure, kwa sababu orodha ya kuanzia ipo. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2.0 la mwaka 2016, una sura za sonona, saikosisi, kifafa, matatizo ya watoto na vijana, dimenshia, matumizi ya vilevi na dawa za kulevya, na kujidhuru au kujiua. Toa matamko humo, ongeza yaliyomo kwenye mtaala wa uuguzi, kisha acha nafasi mwishoni mwa raundi ya kwanza ili wanajopo waongeze yao.

Kila tamko libebe kitendo kimoja. "Kutambua na kutibu saikosisi" ni matamko mawili, na mtu anayekubali la kwanza na kukataa la pili hana pa kuweka alama. Hata "kutoa dawa za saikosisi" halitoshi. Kumwanzishia mgonjwa dawa ni jambo moja, na kumchoma sindano ya kila mwezi mgonjwa aliyeanzishiwa hospitali ya wilaya ni jambo jingine. Ukiyachanganya, tamko litakwama katikati na hutajua limekwama kwa sababu gani.

Hatua ya 2: Jopo

Tafiti nyingi za namna hii huharibikia hapa. Mtafiti anampigia daktari bingwa anayemfahamu, bingwa anamtajia wenzake watatu, na kabla ya wiki kwisha jopo zima limesoma chuo kimoja na kufanya kazi hospitali kubwa mbili. Wataafikiana haraka sana, ila mwafaka huo utahusu zahanati ambayo hawajaikanyaga miaka mingi.

Andika vigezo kabla ya kuandika majina. Katika mfano wetu tunataka makundi manne. La kwanza ni wauguzi wa ngazi ya msingi: angalau miaka mitatu kazini zahanati au kituo cha afya ndani ya miaka mitano iliyopita, na wawe wamewahudumia wateja wa afya ya akili. La pili ni mabingwa na wauguzi wa afya ya akili, lakini wale tu ambao katika miaka miwili iliyopita wamesimamia au kupokea rufaa kutoka vituo vya chini. La tatu ni walimu wa vyuo vya uuguzi. La nne ni watumiaji wa huduma na ndugu wanaowauguza. Kisha chora jedwali: makundi upande mmoja, wilaya za mjini na vijijini upande wa pili. Kisanduku kikibaki kitupu, tafuta mtu wa kukijaza kabla ya kuanza.

Tunaalika 36 tukitarajia 30 wataanza. Wanaanza wauguzi 12, mabingwa 10, walimu 4, na watumiaji na ndugu 4. Wauguzi ni wengi kwa makusudi, maana kazi inayojadiliwa ni yao.

Usifungue kundi la WhatsApp la wanajopo. Najua linarahisisha kukumbushana, lakini saa ileile linapofunguliwa siri imekwisha: kila mtu anaona namba na picha za wenzake, na mkubwa mmoja akiandika "tamko la 14 halina maana" raundi umeipoteza. Tuma ujumbe kwa mtu mmoja mmoja. Wewe mtafiti utawajua wote, wao wasijuane. Asiye na mtandao wa uhakika mpigie simu, umsomee matamko neno kwa neno bila kuyafafanua kwa maneno yako.

Hatua ya 3: Kiwango cha makubaliano

Kiandike kwenye pendekezo la utafiti, kabla jibu moja halijaingia. Ukingoja kuona matokeo, utajikuta unachagua kiwango kinachopitisha matamko unayoyapenda.

Tunatumia alama 1 hadi 9: 1 hadi 3 ni "si lazima kwa muuguzi huyu", 7 hadi 9 ni "lazima". Kanuni yetu ina masharti matatu. Angalau 75% ya waliojibu watoe 7 hadi 9. Wasiozidi 15% watoe 1 hadi 3. Na katika kundi la wauguzi peke yao, 7 hadi 9 isishuke chini ya 60%.

Asilimia 75 haina muujiza. Mapitio ya tafiti 100 za Delfi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba penye kiwango cha asilimia, 75% ndiyo ilikuwa ya katikati. Kwa hiyo ni mazoea yanayokubalika, na lazima bado useme kwa nini umeyafuata. Sharti la pili linazuia tamko lipite huku watu wachache wakilipinga kabisa. Sharti la tatu nimeliweka kwa ajili ya tatizo nitakalolionyesha hatua inayofuata.

Geuza asilimia ziwe watu. Kwa wanajopo 30, 75% ni 22.5, kwa hiyo wanahitajika 23. Nayo 15% ni 4.5, kwa hiyo wapinzani wasizidi 4. Wakibaki 26, wanaohitajika ni 20. Ikiwa kila tamko liko kwenye mstari wake na majibu yako safu ya B hadi AE, Excel inakuhesabia hivi:

```
=COUNTIF(B2:AE2,">=7")/COUNT(B2:AE2)
=COUNTIF(B2:AE2,"<=3")/COUNT(B2:AE2)
```

`COUNT` inaruka visanduku vitupu, kwa hiyo asiyejibu hahesabiwi kuwa amekataa.

Hatua ya 4: Raundi, na tamko moja kwa undani

Raundi tatu zinatosha. Kila moja wiki mbili, na kumbusho wiki ya pili. Raundi inayofuata, kila mwanajopo anapokea alama yake ya awali, mgawanyo wa alama za jopo zima, na maoni ya wenzake bila majina.

Chukua tamko hili: "Muuguzi aweze kumuuliza mteja mwenye dalili za sonona kama ana mawazo ya kujiua." Raundi ya pili, mabingwa 10 kati ya 10 wanatoa 7 au zaidi. Walimu 4 kati ya 4. Watumiaji 3 kati ya 4. Wauguzi 7 kati ya 12. Jumla 24 kati ya 30, yaani 80%. Tuseme waliotoa 1 hadi 3 ni watatu tu. Kwa masharti mawili ya kwanza, limepita. Kwa sharti la tatu halijapita, maana wauguzi ni 58%.

Bila kutenganisha makundi usingeliona hilo, na ungechapisha umahiri ambao karibu nusu ya wanaotakiwa kuutekeleza hawauafiki. Maoni yao ndiyo yanaeleza. Baadhi wanahofu kwamba kuuliza kutamtia mteja wazo hilo. Wengine wanasema chumba ni kimoja, na foleni inasikia kila kitu. Mmoja anauliza afanye nini mteja akisema ndiyo, ikiwa kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu.

Hizo ni sababu tatu za aina tofauti. Ya kwanza ni ya ujuzi: mhGAP inasema kuuliza hakumchochei mtu kujiua, na bingwa mmoja ameandika hivyo kwenye maoni yake, kwa hiyo jopo zima litalisoma. Asingeandika, mtafiti asingeruhusiwa kuingiza hoja yake mwenyewe kimyakimya. Ya pili ni ya mazingira, na inaweza kuingia kwenye tamko. Ya tatu haiponi kwa kubadili maneno. Inaandikwa kwenye ripoti kama kikwazo.

Raundi ya tatu tamko linasomeka: "Muuguzi aweze kumuuliza waziwazi mteja mwenye dalili za sonona kama ana mawazo ya kujiua, mahali ambapo hakuna mwingine anayesikia." Bingwa mmoja na muuguzi mmoja hawajarudi. Mabingwa 9 kati ya 9, walimu 4 kati ya 4, watumiaji 3 kati ya 4, wauguzi 9 kati ya 11. Jumla 25 kati ya 28, yaani 89%, na wauguzi 82%. Limepita. Ila usiandike kwamba wauguzi "walibadili mawazo". Maneno yamebadilika, kwa hiyo wamepima tamko jipya.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma:* Mwalimu, kwa nini sharti la makundi umeliweka kwa wauguzi tu? Watumiaji wa huduma hawana haki hiyo?

Haki wanayo, tatizo ni hesabu. Kwenye kundi la watu 4, mtu mmoja ni 25%, kwa hiyo wawili tu wakisita kundi liko 50% na tamko limeanguka. Ukitaka kuwapa sharti lao, waalike wafike angalau 8. Usipoweza, chapisha alama zao kando na maoni yao yote, msomaji aone walipotofautiana na wengine.

*Muuguzi, kituo cha afya, Kigoma:* Raundi ya mwisho kwetu walibaki 19 kati ya 30, na makubaliano yakapanda sana. Tufurahi?

Bado, dada. Huenda waliokuwa wakipinga ndio walioondoka. Chukua alama za raundi ya kwanza za wale 11 walioacha, uzilinganishe na za 19 waliobaki, tamko kwa tamko. Zikifanana, eleza hivyo na uendelee. Ikiwa walioacha walikuwa wakitoa alama za chini, mwafaka wenu umetengenezwa na mlango wa kutokea, na ripoti iseme wazi. Mimi nikiona wamepungua chini ya 70% kati ya raundi na raundi, nasimama na kuwapigia simu kabla ya kufunga.

*Mwalimu wa chuo cha uuguzi, Mombasa:* Tamko likigota 70% raundi zote tatu, tunaongeza ya nne?

Angalia kama alama zinasogea. Kama raundi ya pili na ya tatu watu karibu wote wametoa alama zilezile, jopo limeshasema: halikubaliani. Raundi ya nne itawachosha, na wengine watakubali ili waachwe. Liandike kwenye orodha ya yasiyoafikiwa pamoja na sababu za pande zote mbili. Anayetunga mtaala atahitaji orodha hiyo pia.

*Tabibu, Singida:* Kibali cha maadili kinahitajika hata kama tunauliza maoni ya wataalamu tu?

Ndiyo, mkuu. Unakusanya taarifa za watu, na baadhi yao ni wagonjwa. Kwenye fomu ya ridhaa waeleze kwamba wewe utajua nani kajibu nini, ingawa wenzao hawatajua.