Namba ya fomu: kusajili watu kwa karatasi kisiwani Pate na kuwaingiza kwenye lahajedwali bila kumpoteza hata mmoja

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu kuingiza fomu za kambi ya macho iliyofanyika Siyu. Mtandao huko haukuwa wa kutegemewa, kwa hiyo usajili wote ulifanywa kwa karatasi, na karatasi zikarudi Amu kwa boti kutoka Mtangawanda. Zilizojazwa zilikuwa 180. Kazi niliyoikadiria kuwa ya asubuhi moja ilituchukua siku mbili, na sababu yake nitaieleza katika hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: fomu

Mtu mmoja apewe karatasi yake. Daftari lenye mistari silipendi hata kidogo, kwa sababu mwandiko wa mstari mmoja huingia katika wa pili, na anayesajiliwa huwasoma wote waliomtangulia. Kila fomu ichapishwe namba yake juu kulia kabla ya safari, kuanzia 1 hadi mwisho, na namba hiyo isiandikwe kwa mkono uwanjani, kwani makarani wawili wanaoketi meza mbili watatoa namba moja kwa watu wawili. Meza ya kwanza tuliipa 1 hadi 100, na ya pili 101 hadi 200.

Namba ya simu iwekewe visanduku kumi, kila tarakimu na chake. Vijiji viorodheshwe ili karani atie alama tu, maana kijiji kikiandikwa kwa mkono utapata Tchundwa na Chundwa, Faza na Rasini, na lahajedwali itavihesabu kuwa vijiji vinne ilhali ni viwili.

Tarehe ya kuzaliwa usiiulize; mwaka unatosha. Wazee wengi hawana tarehe, na karani aliyechoka huwaandikia tarehe mosi Januari wote. Bibi mmoja alipoulizwa mwaka wake alijibu, "Mwanangu, miaka sikuhesabu, lakini Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeshaanza kuteka maji peke yangu." Jibu hilo linatosha kukadiria: msichana wa miaka saba au minane mwaka 1963 amezaliwa karibu na 1955. Karani aandike 1955 na atie alama kwenye kisanduku cha "kadirio", ili baadaye asije mtu akaudhania mwaka huo kuwa umetoka kwenye kitambulisho.

Hatua ya pili: mezani

Ajaze karani, si mwenyewe, kwa kalamu ya biro. Kalamu za wino wa maji zikinyunyiziwa na bahari hazisomeki tena. Saba ikatwe katikati ili isifanane na moja, na nne iachwe wazi juu ili isifanane na tisa. Namba ya simu isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla hajaondoka.

Kabla ya kufunga meza, hesabuni. Sisi tulikuwa na fomu 200: safi zilizobaki 17, zilizoharibika 3, zilizojazwa 180. Hesabu hiyo ilikamilika, nasi tukaiandika juu ya bahasha pamoja na namba za fomu zilizoharibika. Fomu iliyoharibika haitupwi; hukatwa mstari na kurudi na wenzake.

Hatua ya tatu: kuingiza

Fungua Exeli, uchague safu nzima ya simu na kuipa muundo wa `Text` kabla ya kuandika chochote. Usipofanya hivyo, namba inayoanza na 07 au 01 itapoteza sifuri yake ya mbele, na kubadilisha muundo baadaye hakuirudishi. Safu ya namba ya fomu, yaani A, iache ilivyo.

Fomu ziingizwe mara mbili, na watu wawili, katika faili mbili, pasipo mmoja kuona kazi ya mwenzake. Najua wapo wanaopendelea mmoja asome na mwingine aandike. Mimi siupendi utaratibu huo, kwa sababu msomaji akisoma kimakosa, mwandishi hana namna ya kujua. Kila mmoja aandike kilichopo kwenye karatasi, asikirekebishe: ikiandikwa Fatma ibaki Fatma, hata kama jirani yake ni Fatuma.

Hatua ya nne: kulinganisha

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilizileta faili zote mbili katika kitabu kimoja, kurasa nikaziita `Kwanza` na `Pili`, kisha nikalinganisha mstari kwa mstari: mstari wa 2 na wa 2, wa 3 na wa 3. Mistari ya juu ilikubaliana vizuri, halafu ghafla kila kitu kikawa kosa hadi mwisho. Nilianza kurekebisha jina moja baada ya jingine, nikidhani mwenzangu alikuwa amesinzia, kumbe nilikuwa nikiharibu kazi yake iliyo sahihi. Alikuwa ameiruka fomu ya 118 tu, na kila mtu aliyefuata akapanda mstari mmoja. Karatasi yenyewe tuliikuta imegandana kwa unyevu nyuma ya 117.

Kwa hiyo usilinganishe kwa mstari. Linganisha kwa namba ya fomu. Fungua ukurasa wa tatu, safu ya A uandike namba 1 hadi 200 kuanzia A2, na katika B2 uweke fomula hii:

```
=IF(EXACT(
TRIM(INDEX(Kwanza!B:B,MATCH($A2,Kwanza!$A:$A,0))),
TRIM(INDEX(Pili!B:B,MATCH($A2,Pili!$A:$A,0)))),
"","TAZAMA")
```

Ivute kulia kufikia safu zote, kisha chini. Fomula huitafuta fomu katika kurasa zote mbili popote ilipo, huondoa nafasi zilizozidi, na kulinganisha herufi kwa herufi. Palipo tupu pana makubaliano. Penye `TAZAMA` toa karatasi yenyewe na uamue kwayo, wala si kwa kukisia nani kati ya waandishi ni makini zaidi. Penye `#N/A` fomu haipo katika mojawapo ya kurasa, na hapo ndipo bahasha inaposaidia: sisi tulitarajia `#N/A` kwa fomu 20, yaani 17 safi na 3 zilizoharibika, tukaziona 21, na ya ziada ilikuwa 118.

Ikiwa ukurasa mzima ni `#N/A`, usiogope. Namba za fomu katika faili moja zimehifadhiwa kama maandishi na katika nyingine kama namba. Zigeuze ziwe namba kote.

Ulinganishi huu hauoni kosa ambalo waandishi wote wawili wamelifanya, kama moja iliyosomwa saba na kila mmoja. Kwa simu, hakikisha angalau urefu, katika ukurasa wa `Kwanza` au `Pili`, ikiwa simu ziko safu ya F:

```
=LEN(F2)=10
```

Jibu la `FALSE` lina maana tarakimu imepungua au imezidi. Wala usiwafute watu kwa sababu wametoa namba moja ya simu. Nyumba moja kutumia simu moja ni jambo la kawaida, na mjukuu hupewa jina la babu yake, hivyo Ali Mohamed Ali wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa watu wawili kweli. Mwaka wa kuzaliwa ndio utakaokuonyesha.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Karatasi zifungwe kabatini kwa mpangilio wa namba, kwani ndizo ushahidi wa kila mstari. Fomu hizi zina habari za afya za watu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa hiyo zisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata kama lengo ni kuuliza tu kwamba tarakimu hii ni moja au ni saba.