Somo: Hotuba ya kufunga mradi, namna ya kutaja watu na mafunzo

Kila mradi ukikaribia kufungwa napokea ujumbe uleule: "Mkuu, nimepangiwa kusema neno kwenye hafla, niseme nini?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapahapa.

1. Uliza una dakika ngapi. Ukisoma kwa utulivu, Kiswahili hutembea takriban maneno 100 kwa dakika. Ukipewa dakika 6, andika maneno 500, maana makofi nayo yanakula muda.

2. Salamu na itifaki. Sentensi moja.

3. Kusanya matendo kabla ya majina. Usitegemee kumbukumbu. Kichwani mwako wamebaki wa mwezi uliopita na wale wanaosema sana vikaoni. Fungua mihtasari ya vikao tangu cha kwanza, kisha mtumie kila mmoja swali moja: "Nani alifanya jambo lililokusogezea kazi, na alifanya nini hasa?" Ukiuliza "nani alifanya vizuri" utaletewa orodha ya mabosi. Ukimaliza, linganisha na orodha ya mahudhurio ya mradi mzima, ndipo utawakumbuka dereva, mhasibu na yule aliyehamishwa katikati.

4. Kila shukrani iwe na jina, tendo na kilichobadilika. "Namshukuru Fulani kwa kujituma" haina kitu ndani yake. "Fulani alibandika ratiba ya maboksi mlangoni kila asubuhi, tukaacha kupigiana simu kuulizana lipi linafuata" ina mtu ndani yake. Fuata mtiririko wa kazi ulivyokwenda, si ngazi za vyeo.

5. Mafunzo. Hapa ndipo hotuba nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo changu ni hiki: ondoa jina la mradi kwenye sentensi. Kama bado inaufaa mradi mwingine wowote, ifute. "Tulijifunza umuhimu wa ushirikiano" inafaa hata timu ya mpira.

Chukua mfano wa mradi wa kuhamisha majalada ya karatasi kwenda kwenye kompyuta. Kazi ikiwa katikati, mhudumu wa masjala anagundua kuwa majalada mawili ya watu tofauti yana namba moja, na kompyuta imekuwa ikilifuta la kwanza kila la pili linapoingia. Kazi inasimama, uhakiki unaanza upya. Funzo lake kwenye hotuba lingesomeka hivi:

"Tulianza kuskani kabla ya kuhakiki namba. Bi. Fulani wa masjala akaweka majalada mawili mezani, akatuonyesha namba moja, nasi tukazima mashine. Tangu siku ile hakuna boksi lililofika kwenye skana bila orodha yake kusainiwa na masjala. Mradi ujao, masjala wataulizwa kabla skana haijanunuliwa."

Tazama mpangilio: tulivyofanya, kilichotufumbua macho, tunavyofanya sasa. Na shukrani imeingia humohumo bila kuombewa nafasi.

Tahadhari sasa. Kosa liwe la "sisi", na kama uamuzi ulikuwa wako wewe kiongozi, sema "mimi niliamua". Usifumbe. Nilikuwa ukumbini kiongozi mmoja aliposema, "Wenzetu wa manunuzi walitufundisha uvumilivu." Nusu ya watu wakacheka, shingo zote zikageukia meza moja, na wa meza ile hawakubaki kwenye picha ya pamoja. Kwenye timu ndogo "kuna idara fulani" ni sawa na kutaja jina. Kipande chochote kinachogusa idara, mpe mtu wa idara hiyo akisome kabla ya siku. Akikunja uso, kiandike upya.

Mafunzo mawili yanatosha. La tatu husemwa wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao chini ya meza.

6. Soma kwa sauti, ukishika saa. Majina usiyoyazoea muulize mwenyewe yanatamkwaje.

7. Maliza kwa kumkaribisha anayefuata. Usiseme "kwa hayo machache" baada ya dakika ishirini.

---

Maswali ya wanachama

Chapakazi: Mkuu naomba hotuba iliyo tayari, hafla ni kesho, nibadilishe majina tu.

Mtoa somo: Sina. Soma hatua ya 3. Ukituma lile swali usiku huu, asubuhi utakuwa na majibu.

Chapakazi: Lakini mfano wa masjala si naweza kuutumia?

Mtoa somo: Mradi wenu ulikuwa na masjala?

Chapakazi: Hapana, ni wa visima.

Mtoa somo: Basi.

Bint Ratiba: Sisi tupo zaidi ya sitini. Nikitaja kila mmoja na tendo lake tutakesha. Nikichagua wachache, wengine watanuna. Nifanyeje?

Mtoa somo: Swali zuri hili, dada. Taja vikundi, kila kikundi na tendo moja unaloweza kuliona kwa macho: zamu ya usiku iliyorudia kuhakiki, si "zamu ya usiku kwa bidii yao". Majina yote yachapwe kwenye karatasi ya ratiba kwa mpangilio wa alfabeti, na useme wazi kuwa yapo humo. Ukimtaja mtu mmoja ndani ya kikundi, taja mmoja kwa kila kikundi. Kinachonunisha ni kikundi kimoja kupata watatu na kingine kukosa.

Mkongwe: Mbona unakataza kufuata vyeo? Mgeni rasmi atajiona kadharauliwa. Hii nadharia.

Mtoa somo: Soma tena. Itifaki ipo hatua ya 2, mgeni rasmi anapata heshima yake hapo. Hatua ya 4 ni kazi iliyofanyika, na sijaona mgeni rasmi aliyebeba boksi.

Mkongwe: Sawa, nimekuelewa.

Kinyonga: Mradi wetu umesitishwa kabla ya kufika mwisho. Bado tunafanya kikao cha kuagana. Mafunzo yapo, ila kila ninalogusa linauma.

Mtoa somo: Anza kwa kusema wazi kuwa haukufika. Ukilizunguka, watu watatumia dakika zote kusubiri ulitaje. Kisha jiulize: ni kitu gani mtu anaweza kukichukua kesho akakitumia? Fomu mliyoibuni, orodha mliyoisafisha, utaratibu uliobaki. Kitaje pamoja na aliyekitengeneza. Kwenye funzo, shughulikia uamuzi mliokuwa na mamlaka nao ninyi. Sababu za kusitishwa mwachie aliyesitisha, la sivyo kikao kinageuka kesi.

Kinyonga: Na yule aliyeondoka kwa ugomvi?

Mtoa somo: Kazi yake ipo? Mtaje kwa tendo lake, sentensi moja, sauti ileile uliyotumia kwa wengine. Ukimruka, kila mtu ataona pengo. Ila muulize kwanza kwa ujumbe, akikataa, heshimu.

Fundi Sauti: Naongeza la pembeni. Vyeti visigawiwe katikati ya hotuba. Kila anayeitwa anatembea, anapiga picha, anarudi, na msemaji amebaki kashika maiki kimya. Vigawiwe mwishoni.

Mtoa somo: Asante. Hili lilistahili kuwa hatua ya 8.

Bint Ratiba: Na karatasi ya kusomea?

Fundi Sauti: Herufi kubwa, upande mmoja tu, kurasa zipewe namba na zisibanwe pini. Ukimaliza ukurasa unautelezesha pembeni. Ukiufunua karibu na maiki, ukumbi mzima unasikia karatasi.