Jinsi ya kuandika barua kwa kituo cha afya kuhusu foleni ndefu (na ikafanyiwa kazi)

Nimekaa kwenye kamati ya kituo cha afya miaka kadhaa, sanduku la maoni nalifungua mimi na mwenzangu, na karatasi nyingi tunazokuta zimeandikwa "huduma mbovu, manesi wanachezea simu". Ukisoma unaelewa mtu kachoka, ila mganga mfawidhi hana cha kushika hapo, na nesi mwenyewe anaweza kusema alikuwa anatuma ripoti kwa simu na ikaishia hapo. Sasa nawaonyesha kwa barua moja niliyomsaidia mama mdogo wangu kuandika, yeye ana sukari na kliniki yake ni Alhamisi.

1. Andika saa, kila kituo unachopita. Usiandike "nimekaa kutwa nzima". Chukua kikaratasi au notsi za kwenye simu, kila ukihama dirisha andika saa. Yake ilikuwa hivi: kafika saa 1:10 asubuhi, faili likatoka 1:55, kaingia kwa daktari 3:40, maabara wakamtoboa kidole 3:55, majibu kapewa 4:30, kurudi kwa daktari kusomewa majibu kaingia 6:10, dawa kachukua 6:30. Jumla masaa 5 na dakika 20.

Siku moja haitoshi lakini, maana inawezekana siku hiyo kulikuwa na ajali au mama wa kujifungua aliyekimbiziwa daktari, na hao lazima wapite mbele. Tuliandika Alhamisi tatu za kliniki, na ile iliyokuwa na dharura tuliitaja wazi kwenye barua kwamba ilikuwa na dharura.

2. Tafuta muda umeganda wapi. Hapa ndo penyewe. Sisi wote tulikuwa tunailaumu maabara kwasababu pale ndo watu wanasimama wengi, kumbe maabara majibu yanatoka kwa dakika 35 tu. Muda umeliwa mlangoni kwa daktari, mara mbili: saa 1 na dakika 45 asubuhi, alafu saa 1 na dakika 40 tena kwasababu mwenye majibu anarudi mwisho wa foleni ileile ya wanaoanza. Tungeandika "maabara wazembe" tungekuwa tumewaonea watu na shida ingebaki palepale.

3. Omba kitu kimoja ambacho yeye anaweza kukiamua. "Ongezeni madaktari" mganga mfawidhi wa kituo cha serikali hawezi, ajira haitoki mezani kwake. Kupanga foleni anaweza. Sisi tuliomba wagonjwa wa sukari wa marudio wapimwe kwanza, ndo waingie kwa daktari na majibu mkononi, na kwa wale wa kupima kabla ya kula inawasaidia zaidi maana wamekaa na njaa toka usiku, sio vizuri wafike saa nne bado hawajatobolewa.

4. Barua iwe ukurasa mmoja. Iende kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa Mwenyekiti wa Kamati ya kituo. Usianzie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ukimruka mtu wa kituoni ataona umemshtaki na mtaanza kujibizana badala ya kurekebisha. Mwili wa barua ulikuwa hivi:

> *YAH: MUDA WA KUSUBIRI KLINIKI YA SUKARI, ALHAMISI*
>
> *Mimi ni mgonjwa wa marudio katika kliniki hii. Nimeandika muda wangu kwa Alhamisi tatu, jedwali nimeambatanisha. Muda mrefu zaidi ni wa kusubiri kumuona daktari mara mbili, kabla na baada ya vipimo. Maabara na dirisha la dawa hawachukui muda mrefu.*
>
> *Naomba uongozi uangalie kama wagonjwa wa marudio wanaweza kupima sukari kabla ya kumuona daktari. Niko tayari kuja kueleza.*

Jina la nesi au daktari halimo, wala magonjwa ya waliokaa benchi moja na wewe, na picha za foleni usipige kabisa. Andika ulichokiona, sababu waachie wenyewe waseme.

5. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Zikipita wiki mbili kimya, nenda nayo ofisini uulize imefikia wapi, na kama bado, muombe mwenyekiti aiweke kwenye ajenda ya kikao cha kamati.

Sisi tuliitwa siku ya tisa. Tukaambiwa wa bima hawawezi kupimwa bila daktari kuandika kipimo kwenye fomu, jambo ambalo hatukuwa tumeliwaza kabisa. Kwa hiyo walichofanya, mwenye majibu sasa hapangi tena foleni ya mwanzo, daktari anaingiza mmoja mwenye majibu kila baada ya wapya wawili. Alhamisi iliyofuata mama mdogo kasubiri majibu yasomwe dakika 40. Ile ya asubuhi bado ndefu vilevile, tunaiandikia saa zake upya.